Maelezo ya shahidi: saa ziandikwe vipi?

"Nimeambiwa niandike maelezo, saruji imepungua ghalani. Naanzia wapi, na saa niandike vipi?"

Anzia ulipoingia zamu, si upungufu ulipogunduliwa. Kila tukio liwe na aya yake, saa ikitangulia: "Saa 2:10 asubuhi (08:10) niliona lori likitoka na mifuko. Sikuihesabu." Andika saa zote mbili, maana kamera ya getini husoma 08:10, ukiandika 2:10 tupu, kamati itatafuta picha za usiku wa manane. Kama huna hakika, sema "kati ya saa 2:00 na 2:30, kabla ya chai".

Mdau mmoja anasema hata uliyosikia kwa wengine uyaandike, kwenye saa yalipotokea. Yuko sahihi nusu: yaandike, ila yakae kwenye saa ulipoambiwa, pamoja na jina la aliyekuambia. Ukiyarudisha nyuma hadi saa yalipotokea, utaonekana uliyashuhudia.