Kulifungia gemu kwenye viini vya kasi si kuliongezea kasi

Swali: Laptopu yangu ina Core i7-12700H na Windows 11. Nikicheza huku kivinjari na programu ya kurekodi viko wazi, gemu linakwamakwama. Kwenye Task Manager naona CPU 12 hadi 19 zinafanya kazi, kwa hiyo gemu limehamishiwa viini vidogo. Nilifuata maelekezo ya video moja: nikaweka Realtime, kisha nikaweka 20 kwenye msconfig, lakini wapi! Nifanyeje libaki kwenye viini vya kasi tu? Au nizime vile vidogo?

Jibu: Usizime chochote kwa sasa, na yale mawili uliyofanya yaondoe leo hii. Fungua `msconfig`, ingia `Boot`, halafu `Advanced options`, uondoe alama kwenye `Number of processors`, kisha uwashe upya. Mahali pale pamewekwa ili kupunguza idadi ya CPU wakati wa majaribio. Windows hutumia zote bila kuombwa, kwa hiyo kuandika 20 hakukukuongezea hata moja.

Realtime nayo ni kipaumbele. Kipaumbele huamua nani atangulie pale foleni inapokuwa ndefu; hakiamui kazi ifanyikie kiini kipi. Kama hukufungua Task Manager kwa haki za msimamizi, Windows ilikupa High kimyakimya na wewe hukujua. Kama uliifungua kwa haki hizo, gemu sasa linatangulia hata nyuzi za mfumo, yaani mikondo ya kazi inayoendeshwa sambamba, zinazohudumia kipanya, sauti na diski. Matokeo yake ni sauti kukatika na kipanya kuganda, kisha mwenye mashine anavilaumu viini vidogo.

Sasa tuje kwenye kile kinachosumbua karibu kila mtu mwenye prosesa hizi: kuona CPU 12 hadi 19 zikichangamka na kuhitimisha kwamba gemu limehama. Grafu ile haikuonyeshi kazi ni ya nani. Prosesa yako ina viini 6 vya kasi, kila kimoja kikibeba nyuzi 2, ndizo CPU 0 hadi 11. Na viini 8 vidogo vya uzi mmoja mmoja, ndizo 12 hadi 19. Gemu la kisasa lina nyuzi nyingi, lakini kwa kawaida moja au mbili ndizo zinazoshikilia idadi ya fremu. Nyingine hupakia picha, huchanganya sauti, hukokotoa vitu vya pembeni. Hizo zikikaa kwenye viini vidogo hakuna hasara. Ni faida, kwa sababu zimeuachia uzi mkuu kiini kizima.

Ukiweka `Set affinity` kwa CPU 0 hadi 11 pekee, umetoa katazo tu. Hukuongeza nguvu popote. Zile nyuzi saidizi hazipotei: zinarudi kujibana ndani ya viini 6, na ikiwa vyote vina kazi, mojawapo itakaa upande wa pili wa kiini kilekile chenye uzi mkuu. Hapo nyuzi mbili zinagawana kiini kimoja na kila moja inapata chini ya kasi kamili. Windows 11, ikiachwa, kwa kawaida hujaza kwanza viini vya kasi uzi mmoja kila kimoja, halafu vile vidogo, na mwisho kabisa ndipo inarudi kujaza upande wa pili wa vile vya kasi. Katazo lako linaivuruga hesabu hiyo. Isitoshe, magemu mengi huhesabu CPU za mashine nzima yanapoanza na kuunda nyuzi kulingana na hesabu hiyo. Yako litaunda nyuzi za CPU 20 kisha lizisukumie kwenye 12.

Kabla ya kutibu, pima. Chomeka chaja na uweke `Power mode` kwenye `Best performance`, maana Windows hulipunguzia hadhi dirisha usilolitazama, na ukiwa kwenye betri ndipo hukimbilia viini vidogo hasa. Kisha punguza rezolusheni ya gemu. Fremu zikipanda sana, kilichokuwa kinakubana ni kadi ya michoro, na suala la viini liishie hapo. Zikibaki palepale, fungua Process Explorer, programu ya Microsoft ya kupakua, bofya gemu mara mbili, ingia `Threads`, upange kwa safu ya `CPU`. Kwa CPU 20, uzi mmoja uliojaa kabisa husoma karibu 5. Ukiona mmoja umeganda karibu na 5 na wengine wako chini ya 2, huo ndio uzi mkuu wako, na ndio unaoshikilia fremu. Gemu likianza vizuri kisha likaporomoka baada ya dakika kadhaa, angalia joto kwanza.

Kwa hali yako, ningelianza na programu ya kurekodi, si gemu. Ikiwa inabana video kwa prosesa, inagombea viini na gemu; ihamishie kwenye kibanaji cha kadi ya michoro ndani ya mipangilio yake. Kama hilo haliwezekani, ipeleke hiyo kwenye viini vidogo na gemu uliache huru. Fungua PowerShell, na badala ya `kurekodi` andika jina la programu bila `.exe`:

```
(Get-Process kurekodi).ProcessorAffinity = 0xFF000
```

`FF000` ni CPU 12 hadi 19. Rekodi ikianza kuruka fremu, viini vidogo havitoshi na itabidi upunguze ubora wa video. Mpangilio huu hufutika programu ikifungwa.

Kulifungia gemu lenyewe kuna nafasi yake: gemu la zamani ambalo uzi wake mkuu unaangukia viini vidogo mara kwa mara, au mashine iliyobaki Windows 10, ambayo haisomi ipasavyo ishara za Thread Director, sehemu ya prosesa inayoishauri Windows uzi upi ukae kiini kipi. Hapo tumia `cmd`, si PowerShell, kwa sababu `start` ya PowerShell ni amri nyingine:

```
start "" /affinity FFF "D:\Gemu\gemu.exe"
```

Gemu likianzishwa na Steam au kizinduzi kingine ambacho tayari kiko wazi, katazo hili halilifikii, kwani kizinduzi ndicho kinacholizaa. Na magemu mengi yenye ulinzi dhidi ya udanganyifu hukujibu `Access is denied`. Usipambane nayo.

Nisichovumilia ni hizo programu za "kuongeza fremu kwa kubofya mara moja". Nyingi zinafanya haya haya: zinabadilisha kipaumbele, zinaweka affinity, zinazima huduma za Windows ambazo hazili hata asilimia moja, halafu zinakaa nyuma zikirudia kila sekunde chache. Baadhi husakinisha draiva yao, na ulinzi wa gemu unaweza kuliona hilo kama udanganyifu na kukufungia akaunti. Hakuna hata moja inayoweza kukipa kiini kasi ambayo hakina. Kama unayo, iondoe, uwashe upya, kisha ufungue `Details` kwenye Task Manager, ubofye gemu kwa kitufe cha kulia, uhakikishe `Set affinity` ina alama kwenye CPU zote 20 na `Set priority` imerudi `Normal`. Pima sehemu ileile ya gemu mara tatu ukiwa hivyo, mara tatu ukiwa na `FFF`, ukiangalia fremu za chini kabisa badala ya wastani. Tofauti ikiwa ndani ya fremu mbili au tatu, acha mgawaji kazi wa Windows aendelee na kazi yake.