Sodium imekataa kwenye Forge, na dunia yangu imejaa Create

Swali: Habari fundi. Niko Umoja. Nacheza Minecraft Java 1.20.1 kwa Forge, na dunia yangu ya miezi saba imejaa mashine za Create. Laptopu ikaanza kukwama, binamu yangu akaniletea Sodium kwa flashi. Forge ikaikataa, ikasema ni ya Fabric. Nikaweka Fabric, nayo ikasema faili inataka 1.20.4. Dunia sijaifungua tangu hapo, naogopa. Nifanyeje?

Jibu: Baki na Forge 1.20.1, achana na faili ya binamu, kisha utafute Embeddium ya Forge 1.20.1. Embeddium imetokana na Sodium na inafanya kazi ileile ya kupunguzia laptopu mzigo wa kuchora picha, ila imeandikwa kwa ajili ya Forge. Kabla hujagusa chochote, nakili folda ya `saves`. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `%appdata%\.minecraft`, utaiona humo. Weka nakala mahali pengine kabisa, hata kwenye flashi iliyosafishwa, na usiifungue.

Hofu yako ilikuwa na msingi, ndugu yangu. Mwaka juzi mpwa wangu alifanya hicho ulichokaribia kufanya. Aliweka Fabric, akaweka Sodium iliyolingana na toleo lake, mchezo ukafunguka vizuri, akaingia kwenye dunia yake bila Create. Aliponiletea laptopu pale ninapofanyia kazi, karibu na Luthuli Avenue, tulisimama mbele ya kinu chake cha ngano na kukuta mto unapita chini ya hewa tupu. Gurudumu la maji, mikanda, shafti, vyote vimetoweka. Mawe na mbao za kawaida zimebaki na matundu katikati. Mchezo ukikutana na kitu usichokijua jina, hukiweka kama hewa, na ukihifadhi sehemu hiyo ya dunia, hewa hiyo ndiyo inayoandikwa. Kurudisha Create baadaye hakuvirudishi. Sehemu za mbali ambazo hakuzifikia zilisalimika, lakini kinu kilikuwa hapo alipoanzia mchezo, kwa hiyo kilikuwa cha kwanza kuondoka. Hakuwa na nakala.

Ndiyo maana nakwambia uanzie kwenye dunia yako, usianzie kwenye modi unayoitamani. Dunia yako ina Create, na Create uliyonayo ni ya Forge 1.20.1. Hayo mawili yameshaamua loda na toleo la mchezo. Loda ni ile programu inayokaa kati ya mchezo na modi, na Forge na Fabric ni loda mbili zisizosomana faili. Modi nyingine yoyote utakayoongeza ndiyo itakayofuata mkondo huo. Kama Sodium ingekuwa haina mwenzake wa Forge, ningekushauri uikose, kuliko kuhamisha dunia ya miezi saba.

Sasa tuitazame faili ya binamu kwa karibu, maana jina lake lenyewe lingekuonya. Ya Sodium na ya Create kwa kawaida huonekana hivi:

```
sodium-fabric-0.5.8+mc1.20.4.jar
create-1.20.1-0.5.1.j.jar
```

Ya kwanza inasema kila kitu: modi ni Sodium, loda ni Fabric, toleo la modi yenyewe ni 0.5.8, na toleo la mchezo ni 1.20.4. Hivyo ilikosea mara mbili kwako, na makosa hayo ulikutana nayo moja baada ya jingine. Forge ilikataa kwa sababu ya loda. Fabric ilikubali loda, ikakataa kwa sababu ya mchezo. Wengi hudhani kosa la pili limeletwa na suluhisho la kwanza, wakaanza kufuta na kuweka upya, ilhali faili ilikuwa na kasoro zote mbili tangu ilipotoka kwenye flashi.

Ya pili ina mpangilio tofauti. Toleo la mchezo limetangulia, toleo la modi likafuata, na loda haikutajwa popote. Ukiisoma haraka utadhani 1.20.1 ni toleo la Create. Kila mwandishi wa modi hupanga jina apendavyo, kwa hiyo jina ni dalili tu. Ushahidi uko ndani ya faili. Faili ya `.jar` ni kifurushi kama zip, na Windows 10 au 11 inaweza kukisoma bila kukiendesha. Fungua `cmd` ndani ya folda yenye modi na uandike:

```
tar -xOf create-1.20.1-0.5.1.j.jar META-INF/mods.toml
```

Ikikuletea maandishi, modi hiyo ni ya Forge. Modi ya Fabric haina `mods.toml`. Ina `fabric.mod.json`, nayo iko juu kabisa ya kifurushi bila folda. NeoForge, iliyojitenga na Forge mwaka 2023, kuanzia mchezo wa 1.20.5 hutumia `neoforge.mods.toml`. Mara mojamoja utakuta faili mbili pamoja, maana yake mwandishi ametengeneza kifurushi kimoja cha loda zaidi ya moja.

Ndani ya `mods.toml` tafuta mistari ya namna hii:

```toml
modId="minecraft"
mandatory=true
versionRange="[1.20.1,1.20.2)"
```

Mabano ya mraba yanamaanisha toleo hilo limo, mabano ya duara yanamaanisha halimo. Hapo modi inakubali kuanzia 1.20.1 na kuishia kabla ya 1.20.2, yaani 1.20.1 peke yake. Lakini kuna waandishi wanaoandika `[1.20.1,)`, bila kikomo cha juu. Modi kama hiyo itapita ukaguzi hata kwenye 1.20.4, kisha ianguke mchezo ukiwa unapakia, au baadaye kabisa ukifungua sanduku fulani. Sababu ni kwamba modi hushika sehemu za ndani za mchezo kwa majina yake kamili, na sehemu hizo hubadilishwa kati ya toleo na toleo hata pale ambapo wewe mchezaji huoni tofauti yoyote kwenye skrini. Kwa hiyo kwenye ukurasa wa modi, chagua faili iliyoorodheshwa wazi chini ya 1.20.1 na Forge. Usikubali faili ya 1.20 au ya 1.20.2 kwa sababu tu tarakimu zimekaribiana.

Utaona watu wakifundisha kufungua hiyo `fabric.mod.json` na kubadilisha 1.20.4 iwe 1.20.1. Naomba usifanye hivyo. Ukaguzi ule ndio uliokusimamisha mlangoni. Ukiuondoa, kosa linabaki palepale na linasogea hadi ndani ya dunia yako.

Jambo la tatu, baada ya loda na toleo la mchezo, ni toleo la modi yenyewe, nalo huwasumbua zaidi wenye viongezi vya Create. Create ilipotoka 0.5.1 kwenda 6, kiongezi kilichoandikwa kwa 0.5.1 kilihitaji kuandikwa upya, ingawa mchezo ni uleule 1.20.1 na loda ni ileile Forge. Kama una viongezi, usipandishe Create leo kwa ajili ya kulitatua hili la kukwama. Jambo moja kwa wakati mmoja.

Kuhusu flashi, nasema hili kwa uzito. Modi ni programu kamili. Ikiendeshwa ina uwezo uleule ulio nao wewe kwenye kompyuta. Juni 2023 kirusi kilichoitwa fractureiser kiliingizwa kwenye modi zilizopakiwa CurseForge na kwenye tovuti ya Bukkit. Kiliiba nywila na vidakuzi vya kivinjari, na kilipoingia kwenye kompyuta kilijipandikiza kwenye faili nyingine za `.jar` kilizozikuta humo. Binamu anaweza kuwa mwaminifu kabisa na faili yake ikawa imechafuliwa bila yeye kujua. Pakua mwenyewe kutoka Modrinth au CurseForge, kwenye ukurasa wa modi yenyewe. Embeddium ni faili ndogo, haitamaliza bando. Na ukiona modi ya Minecraft imekuja kama `.exe`, ifute.

Sasa kazi yenyewe. Kwenye Minecraft Launcher nenda `Installations`, unda mpya, chagua Forge 1.20.1, na pale `Game Directory` ielekeze kwenye folda mpya, tuseme `C:\mc\create1201`. Iwashe mara moja bila modi yoyote, ifike kwenye menyu, uifunge. Ndani ya folda hiyo unda `mods` kama haipo, na utie Create ileile uliyokuwa ukitumia, pamoja na viongezi vyake. Washa tena. Bonyeza `Mods` kwenye menyu uhakikishe zote zimo kwenye orodha. Ndipo unakili dunia kutoka kwenye nakala yako uiweke ndani ya `saves` ya folda hiyo mpya, uingie, na uende ukasimame mbele ya mashine moja unayoijua vizuri uone inazunguka. Toka. Ongeza Embeddium peke yake, washa, ingia tena palepale. Ukifungua `Video Settings` utakuta ukurasa umebadilika sura. Hiyo ndiyo dalili kwamba Embeddium imepokelewa.

Faida ya folda ya peke yake ni kwamba Fabric uliyoweka haitaigusa. Ukitaka kuijaribu siku nyingine, ipe folda yake na dunia yake mpya.

Forge ikikuonyesha onyo kwamba kuna vitu vya dunia visivyopatikana, bonyeza kurudi nyuma, usiendelee hata kidogo: kuna modi uliyoisahau kwenye folda ya zamani. Mchezo ukianguka, nenda `crash-reports` ndani ya folda mpya, fungua faili ya mwisho na utafute mstari unaoanza na `Caused by`. Mara nyingi jina la modi yenye tatizo liko hapo au mistari michache chini yake. Ukishindwa kuusoma, nitumie faili nzima pamoja na orodha ya majina ya faili zilizo kwenye `mods`, herufi kwa herufi, bila kufupisha namba.