Tarakimu isiyosomeka haijazwi kwa mazoea

Swali: Ndugu mkaguzi, natunza stoo ya vifaa vya ujenzi hapa Ihumwa, Dodoma. Nina deliveri noti nyingi za kuandikwa kwa mkono, karibu zote nakala za kaboni, na natakiwa kuingiza idadi, tarehe na sahihi kwenye Excel. Moja na saba hazitofautiani, na baadhi ya tarehe hazieleweki. Mwenzangu anasema penye shaka nijaze idadi ambayo muuzaji huyo huleta kila mara. Je, ni sawa?

Jibu: Si sawa, na ushauri huo nakutana nao karibu katika kila stoo ninayoikagua. Deliveri noti hutunzwa ili siku mzigo ukija pungufu pawepo karatasi ya kuonyesha upungufu huo. Ukijaza idadi ya kila mara penye shaka, unafuta siku zile zile ambazo jedwali lilitakiwa kuzifichua, na kwa kuwa jumla italingana vizuri na ankara, hakuna atakayepata sababu ya kurudi kwenye karatasi.

Idadi ipewe safu tatu: ilivyoandikwa, iliyothibitishwa, na ushahidi. Tuchukue noti ya saruji inayoweza kusomeka mifuko 110 au 170. Katika safu ya kwanza andika 1?0, na usiibadilishe tena. Kisha tafuta ushahidi nje ya mwandiko. Kwa mfuko wa kilo 50, mzigo ungekuwa kilo 5,500 au kilo 8,500. Ikiwa karatasi ya mizani ya siku hiyo inaonyesha lori lilikuwa na kilo 14,300 likiwa na mzigo na kilo 5,750 likiwa tupu, tofauti ni kilo 8,550, nayo inakubaliana na mifuko 170 pekee. Hapo unaandika 170 katika safu ya pili na neno mizani katika ya tatu.

Pasipo karatasi ya mizani, mwombe muuzaji nakala yake ya noti hiyo, kwa sababu karatasi ya juu husomeka kuliko ya kaboni. Angalia lakini kama maandishi ya nakala zote mbili yanalingana: tarakimu iliyopo juu na isiyoonekana kabisa chini huenda iliongezwa baada ya nakala kutenganishwa, na hilo ni swali la kumpelekea mkuu wako, si la kulimaliza wewe mezani. Ushahidi ukikosekana kabisa, andika HAISOMEKI katika safu ya pili. Usiache kisanduku kitupu, kwani Excel ikilinganisha kisanduku kitupu na sifuri husema ni sawa. Kwa kuwa SUM huruka maneno bila kukuonya, weka chini ya jumla idadi ya mistari iliyorukwa; hapa safu ya idadi iliyothibitishwa ni C:

```
=COUNTIF(C2:C500,"HAISOMEKI")
```

Tarehe ina mtego ambao hauhusiani na mwandiko. Kompyuta iliyowekwa mpangilio wa Kimarekani ikipewa 3/7 huielewa kuwa tarehe 7 Machi, ilhali 13/7 huiacha kama maandishi matupu. Utaitambua kwa macho: baadhi ya tarehe zitakaa kulia mwa kisanduku na nyingine kushoto. Ingiza siku, mwezi na mwaka katika safu tatu tofauti, na tatizo hilo halitatokea. Kwa tarehe isiyosomeka, tazama namba ya noti iliyochapwa kiwandani. Ikiwa noti 0417 na 0419 za kitabu kimoja ni za tarehe 8 na 9 Mei, basi 0418 iko kati ya hizo, na ndivyo uandike: 8 au 9.

Sahihi haisomwi ikageuzwa kuwa jina. Andika IPO au HAIPO, na iko kwenye nafasi ya nani, maana madereva wengi hutia sahihi mahali pa mpokeaji. Jina liingie tu pale lilipoandikwa kwa herufi kando yake. Iwapo sahihi hiyo ni ya kweli, hilo si la karani wala si langu; lina wataalamu wake.

Wapo wanaokwepa kazi yote hii kwa kupeleka bunda la noti steshenari, ambako mchapaji hulipwa kwa ukurasa. Mtu anayelipwa hivyo hana sababu ya kusimama penye shaka. Huona tarakimu ya kwanza inayomjia, huichapa, na hukurejeshea jedwali safi kuliko karatasi zilizolizaa. Kazi ya namna hii huingizwa na watu wawili, kila mmoja peke yake na bila kuonyeshwa jumla ya ankara, kisha mistari isiyolingana ndiyo inayorudiwa kusomwa. Na mchapaji akikukabidhi kazi ya nakala za kaboni isiyo na HAISOMEKI hata moja, usimlipe kabla hujachomoa zile zilizofifia zaidi na kuzisoma upya bila kutazama alichochapa.