Sauti inaachana na picha kidogo kidogo: kagua fremu kwanza

"Nimerekodi kwaya kwenye mkesha hapa Ujiji, simu kwenye stendi, dakika 40 mfululizo. Mwanzo midomo na sauti viko sawa, mwisho sauti imechelewa kama sekunde 2. Nikiisogeza mbele, mwanzo unaharibika. Tatizo simu au kompyuta?"

Mkuu, kabla ya kugusa chochote, fungua faili la asili kwa VLC, lile lililotoka kwenye simu bila kupita kwenye programu ya kuhariri. Ruka hadi dakika ya 38 uangalie midomo. Kama huko viko sawa, faili lako ni zima. Picha na sauti vinaachana ndani ya programu ya kuhariri.

Simu huandika kuwa inarekodi fremu 30 kwa sekunde, lakini mara nyingi haizishiki 30 hizo wakati wote. Mwanga ukipungua, kamera huacha kila fremu ikae muda mrefu zaidi ili ipate mwanga wa kutosha, na idadi ya fremu inashuka. Kila fremu huwekewa muda wake wa kuonekana. VLC inaufuata muda huo, kwa hiyo huoni kasoro. Programu nyingi za kuhariri zinapenda fremu zilizopangwa sawasawa, na baadhi zinazihesabu tu kana kwamba ni 30 kila sekunde. Dakika 40 zilipaswa kuwa na fremu 72,000. Zikipungua 60 tu, picha inamalizika sekunde 2 kabla ya sauti. Ndiyo hizo sekunde 2 zako.

Hapo utaona pia kwa nini kuisogeza sauti hakusaidii: kusogeza kunatibu pengo lisilobadilika, na la kwako linakua. Hata kuivuta sauti yote kwa kipimo kimoja si dawa. Fremu hazikupungua kwa usawa. Zilipungua zaidi pale taa zilipofifia. Utalinganisha mwanzo na mwisho, halafu katikati ya wimbo midomo bado itakusaliti.

Hakikisha kwa programu ya MediaInfo. Fungua faili, tazama sehemu ya Video, mstari wa Frame rate mode. Ukisoma Variable, umempata mhusika.

Tiba ni kulitengeneza upya faili liwe na fremu zisizobadilika, kabla halijaingia kwenye programu ya kuhariri. Kwa programu ya HandBrake, nenda kichupo cha Video, weka Framerate 30 na uchague Constant Framerate. Usiache Peak Framerate, kwani hiyo inaruhusu fremu ziendelee kupungua. RF, yaani kipimo cha ubora wa picha, weka 18, na kwenye Audio weka Samplerate 48. Anayetumia ffmpeg, amri ni hii:

```
ffmpeg -i kwaya.mp4 -vf fps=30 -c:v libx264 -crf 18 -c:a aac -b:a 192k -ar 48000 kwaya_30.mp4
```

Amri hiyo hurudia fremu pale zilipokosekana, kwa hiyo urefu wa picha unalingana na wa sauti. Kompyuta ya kawaida itachukua muda mrefu, na faili jipya linaweza kuwa kubwa kuliko la kwanza, basi andaa nafasi. Likiisha, kagua sehemu tatu: mwanzo, katikati na mwisho. Mradi wako nao uweke fremu 30.

Kama hata kwenye VLC sauti inachelewa, au sauti ilitoka kwenye kinasa kingine, hiyo ni kesi tofauti. Saa za vifaa viwili haziendi sawa kabisa. Hapo tofauti hukua kwa usawa, na kuvuta sauti kunafaa. Tafuta kofi moja mwanzoni na moja mwishoni, pima umbali kati yao kwenye picha na kwenye sauti. Picha ikitoa sekunde 2400 na sauti 2400.12, gawanya ya sauti kwa ya picha, upate 1.00005. Hiyo ndiyo kasi:

```
ffmpeg -i kinasa.wav -af atempo=1.00005 kinasa_sawa.wav
```

Ila ukisikia waimbaji wamekuwa na sauti nzito isiyo yao na wimbo umekuwa mrefu, usivute chochote. Sauti ya 48000 inasomwa kama 44100. Rekebisha mpangilio huo kwanza.

Mkesha ujao, zuia tatizo kwenye simu yenyewe. Kwa iPhone, ingia Settings, Camera, Record Video, uzime Auto FPS. Kwenye Android tumia programu ya kamera inayokuruhusu kufunga shata, yaani kuufanya muda wa kila fremu kupokea mwanga usibadilike. Funga shata 1/50 na fremu 25: shata ikifungwa, kamera haiwezi kurefusha fremu gizani, na kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50, taa za tyubu hazitaleta mistari inayotembea kwenye picha. Picha ikiwa nyeusi, ongeza ISO au ongeza taa mbele ya kwaya, lakini shata iache palepale.