Histogramu ya uso peke yake: kwa nini ukuta na ziwa visihesabiwe

Kazi inayoleta shida hii mara nyingi katika studio za Goma ni foto ya familia siku ya ndoa. Watu ishirini wamesimama ndani ya parsele, nyuma yao ukuta wa mawe meusi ya volkano, na katika foto iliyo bora kuliko zote shangazi wa bibi harusi amefumba macho. Uso wake mzuri upo, lakini katika foto nyingine iliyopigwa kando ya Ziwa Kivu, mbingu nyeupe nyuma yake. Unaukata, unaubandika mahali pake, na rangi hazikubaliani. Anayeanza kazi hukimbilia kulinganisha histogramu za foto mbili nzima, na uso unatoka mweusi kama ukuta. Hesabu yenyewe haina kosa. Kosa ni pikseli alizoziingiza ndani ya hesabu.

Kulinganisha histogramu ni kupanga foleni mbili. Pikseli zote za foto ya kwanza zinajipanga kutoka iliyo giza zaidi hadi iliyo angavu zaidi, na za foto ya pili vilevile. Kisha pikseli iliyo katika asilimia 30 ya foleni ya kwanza inapewa ngazi ya pikseli iliyo katika asilimia 30 ya foleni ya pili. Kinachoangaliwa ni nafasi kwenye foleni tu. Programu haijui lipi ni shavu na lipi ni jiwe, na kila jiwe linalosimama kwenye foleni linasukuma shavu mbele au nyuma.

Tuhesabu kwa mfano huu wa shangazi, kwa ngazi za 0 hadi 255. Katika foto ya ziwani, nguo na vitu vya giza ni asilimia 25 na viko chini ya ngazi 80. Uso ni asilimia 15, kati ya 90 na 150. Mbingu na maji yanayong'aa ni asilimia 60, kuanzia 180 kwenda juu. Basi uso umeshika foleni kutoka asilimia 25 hadi 40. Katika foto ya ukutani, mawe ni asilimia 70, kati ya 15 na 55. Uso ni asilimia 15, kati ya 100 na 160, na nguo nyeupe zimechukua asilimia 15 za mwisho, kutoka 170 hadi 240.

Sasa tafuta asilimia 25 hadi 40 katika foleni ya pili: ni katikati ya mawe. Kama ngazi za mawe zimesambaa sawasawa, asilimia 25 inaangukia ngazi 29 hivi, na asilimia 40 inaangukia 38. Uso uliokuwa na ngazi 60 za kuonyesha pua, mashavu na mikunjo umebanwa ndani ya ngazi 9, tena ngazi za jiwe. Rangi ya uso wa shangazi iliyotakiwa imekwenda kwa kipande cha mbingu. Ukihesabu uso peke yake pande zote mbili, mwanzo wa foleni ni 90 kwa 100 na mwisho ni 150 kwa 160. Marekebisho yaliyohitajika yalikuwa kuongeza ngazi 10 tu.

Hapo ni mwangaza. Rangi huharibika kwa njia mbaya zaidi, kwa sababu kila chaneli ina foleni yake. Chukua foto ambayo nyuma ya mtu ni maji ya buluu, asilimia 60 ya picha, na vitu vya giza ni asilimia 25 ileile. Maji yana nyekundu kama 60 na buluu kama 150, ngozi ina nyekundu kama 150 na buluu kama 80. Katika chaneli nyekundu uso uko mbele ya maji, asilimia 85 hadi 100, kwa hiyo unapewa ngazi za nguo nyeupe: 170 na zaidi. Katika chaneli ya buluu uso uko nyuma ya maji, asilimia 25 hadi 40, kwa hiyo unapewa ngazi za mawe: 29 hadi 38. Nyekundu juu, buluu chini: uso wa rangi ya chungwa iliyoungua. Ukiona uso umegeuka rangi ambayo haipo katika foto yoyote kati ya zile mbili, shuku mandhari kwanza kabla ya kushuku kamera.

Dawa ni maski, yaani ramani inayoonyesha pikseli zipi zihesabiwe na zipi zisihesabiwe, na kuna mitego miwili kwenye maski inayowanasa karibu wote wanaoanza.

Wa kwanza ni kudhani kwamba kisanduku cha kugundua uso ni uso. Duaradufu iliyojaa ndani ya mstatili inachukua asilimia 78.5 ya eneo lake, popote na kwa ukubwa wowote. Maana yake zaidi ya pikseli moja kati ya kila tano ni pembe za ukuta, nywele au kitambaa cha kikwembe. Kisanduku kinapunguza tatizo bila kuliondoa.

Wa pili umejificha zaidi. Mtu anatengeneza maski nzuri, anapaka nyeusi kila kilicho nje yake, kisha anapeleka picha hiyo kwenye `match_histograms` ya scikit-image. Kitendaji hicho hakipokei maski. Sifuri zote ulizopaka zinahesabiwa kama pikseli halali za giza. Kama nyeusi ni asilimia 40 kwenye foto inayorekebishwa na 55 kwenye foto inayoigwa, uso umesogezwa tena kwenye foleni, na pikseli za giza za uso zinageuka sifuri kabisa. Dalili yake ni madoa meusi chini ya kidevu na pembeni mwa pua. Pikseli za nje zitolewe kwenye hesabu. Kuzipaka rangi hakutoshi.

Kwa kuchora maski, nukta 68 za uso zinazotolewa na maktaba ya dlib zinatosha. Nukta 0 hadi 16 ni taya na 17 hadi 26 ni nyusi. Chukua mzingo wa nje kwa `cv2.convexHull` na uujaze kwa `cv2.fillConvexPoly`. Mzingo huo unaishia kwenye nyusi, na kwa kazi yetu ni jambo zuri, maana paji la uso mara nyingi limefunikwa na kitambaa. Kisha toa macho, nukta 36 hadi 47, na mdomo, 48 hadi 59. Usiruke hatua hii. Katika foto moja macho yamefumbwa na katika nyingine yamefunguka na meno yanaonekana kwa tabasamu. Weupe wa macho na meno uko upande mmoja tu, na ukiuhesabu, sehemu angavu za mashavu zitashushwa bila sababu. Hakikisha pia kila kitu unachokitoa upande mmoja unakitoa upande wa pili, miwani ikiwemo.

Halafu punguza ukingo wa maski kwa `cv2.erode`, karibu asilimia 2 ya upana wa uso: pikseli 8 kwa uso wa pikseli 400. JPEG nyingi huhifadhi rangi kwa ukali ulio nusu ya ule wa mwangaza, kwa hiyo rangi ya ukuta huvuja kidogo ndani ya shavu hata pale jicho lisipoona.

Maski hii iliyobanwa ni ya kupima. Ya kuweka rangi ni nyingine, pana zaidi, yenye macho na mdomo ndani yake. Ndiyo maana kitendaji hapa chini kinapokea maski tatu: `m_src` na `m_ref` za kupima, na `m_weka` ya kuweka rangi. `src` ni foto inayorekebishwa, `ref` ni foto inayoigwa:

```python
import numpy as np

def linganisha(src, ref, m_src, m_ref, m_weka):
    out = src.copy()
    for c in range(3):
        vs, ns = np.unique(src[..., c][m_src], return_counts=True)
        vr, nr = np.unique(ref[..., c][m_ref], return_counts=True)
        qs, qr = ns.cumsum() / ns.sum(), nr.cumsum() / nr.sum()
        meza = np.interp(qs, qr, vr)
        x = np.r_[-1.0, vs, 256.0]
        y = np.r_[-1.0, meza, 256.0]
        v = np.interp(src[..., c][m_weka], x, y)
        out[..., c][m_weka] = np.clip(v, 0, 255).round()
    return out
```

Maski ziwe za kweli na uongo, yaani `mask > 0`. Ukipeleka maski ya 0 na 255 jinsi OpenCV inavyoitoa, NumPy itazichukua namba hizo kama namba za mistari ya picha, na utapata matokeo ya ajabu au kosa la kuvuka mpaka. Zile -1 na 256 nazo zina kazi: bila hizo, jino la ngazi 210 ambalo halimo kwenye vipimo vya ngozi lingekatwa hadi ngazi ya juu ya ngozi, na tabasamu lingetoka la kijivu.

Kuna kipimo kimoja cha kujua kama mandhari bado inaingia. Ukiwa na maski zilezile, paka kijani kikali kila kilicho nje ya maski zote mbili za `src`, fanya hesabu tena, kisha toa tofauti ya matokeo mawili ndani ya `m_weka`. Tofauti kubwa kabisa lazima iwe 0. Ikiwa hata 1, kuna pikseli ya nje inayohesabiwa mahali fulani. Fanya hivyo kabla ya kuhifadhi JPEG, maana JPEG yenyewe inabadilisha ngazi.

Baada ya hapo linganisha wastani wa kati wa kila chaneli ndani ya maski za kupima, matokeo dhidi ya `ref`. Ukipishana kwa ngazi 1 au 2 tu na bado unaona mshono usoni, acha kugusa histogramu. Tatizo ni ukingo wa maski ya kuweka, au ni mwanga.

Mwanga ndio mpaka wa njia hii. Histogramu inajua kiasi cha kivuli, haijui kimekaa wapi. Kama jua la parselani limeacha nusu ya uso kivulini, na ziwani uso uliangazwa sawasawa, hesabu italazimisha nusu ya pikseli kuwa giza na itazichagua popote: kwenye vinyweleo, kwenye chembechembe za kelele ya kamera, kando ya pua. Chora histogramu za ngozi pande zote mbili. Vilima viwili upande mmoja na kimoja upande wa pili ni ishara ya kuacha. Hapo hamia Lab, mfumo ambamo L ni mwangaza na a na b ni rangi, kwa `cv2.COLOR_BGR2LAB`, linganisha wastani na mtawanyiko wa a na b tu, bado kwa maski zilezile, na kwenye L sogeza wastani peke yake. Kivuli utakichora kwa mkono.

Na `ref` iwe ngozi ya mtu huyohuyo. Ukichukua uso wa jirani yake kwenye mstari kwa sababu uko karibu, hesabu itafanya kazi yake kwa usahihi wote na kumpa shangazi ngozi ya mtu mwingine, nyeupe zaidi au nyeusi zaidi kuliko yake. Kama uso wake kwenye foto ya ukutani hautoshi kupimwa, pima shingo au mikono yake pande zote mbili.