Barua niliyomwandikia mwalimu wa tuisheni baada ya kupata C ya Kemia

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka nilimpigia simu mwalimu wangu wa tuisheni. Tulilia wote wawili, salio likaisha kabla sijasema nililokusudia. Ndipo nikaamua kumwandikia barua. Juzi mdogo wangu aliniomba nimsaidie kuandika ya kwake, kwa hiyo naeleza nilivyofanya.

Rasimu ya kwanza niliichana. Ilisema, "Nakushukuru kwa msaada wako wote na moyo wako wa kujitolea." Yote yalikuwa kweli, lakini barua ile ningeweza kumpelekea mwalimu yeyote wa somo lolote. Nikajiuliza: Kemia iliniingia siku gani hasa? Siku hiyo niliikumbuka vizuri, nikaanzia hapo.

Nilikuwa nimeingia kidato cha tatu, wakati wa kuchagua mchepuo, na jina langu lilishaandikwa kwenye orodha ya wanaoacha Kemia. Kilichonishinda ni hesabu za moli. Mwalimu hakunifundisha mada upya. Alinipa swali moja: ukichoma gramu 10 za CaCO3 mpaka ziishe, utapata gramu ngapi za CO2?

CaCO3 → CaO + CO2

Nikajibu haraka kwamba ni gramu 10, kwa sababu mlinganyo unaonyesha CaCO3 moja inatoa CO2 moja. Hakusema nimekosea. Aliuliza tu, "Kama gramu zote 10 zimeondoka na hewa, hii chokaa iliyobaki kwenye chombo imetoka wapi?"

Nilinyamaza muda mrefu, naye akaniacha ninyamaze. Kisha akaniambia nifikirie trei ya mayai ya kuku na trei ya mayai ya kware. Kila moja ina mayai 30, ila uzito si mmoja. Moli ni kama trei: idadi ya chembe ni ile ile, uzito ndio unaotofautiana. Namba za kwenye mlinganyo zinahesabu mayai, hazipimi kilo. Kwa hiyo gramu lazima zigeuzwe moli kwanza. Moli moja ya CaCO3 ni gramu 100, basi gramu 10 ni moli 0.1. Moli 0.1 ya CaCO3 inatoa moli 0.1 ya CO2, na kwa kuwa moli moja ya CO2 ni gramu 44, jibu ni gramu 4.4. Akanituma nitafute na chokaa, yaani CaO, ambayo moli moja yake ni gramu 56: 0.1 mara 56, gramu 5.6. Nikajumlisha 4.4 na 5.6, nikapata 10 niliyoanza nayo. Tangu siku hiyo sijawahi kufunga swali la namna hiyo bila kujumlisha pande zote mbili.

Hayo ndiyo niliyoyaweka kwenye barua, pamoja na jibu langu lisilo sahihi. Usilifiche kosa lako. Mwalimu amefundisha watoto wengi, na kosa ndilo litakalomkumbusha wewe ulikuwa umekwama wapi na yeye alikutoa vipi. Lakini mwalimu wa darasani sikumgusa. Ukianza kumlinganisha na mwingine, shukrani inageuka mashtaka, na anayeisoma hajui afanye nini nayo.

Kuna deni jingine nililitaja kwa sentensi moja: "Miezi miwili baba alipokosa kazi, uliniacha niendelee kusoma bila ada na hukuniuliza mbele ya wenzangu." Hapo nilitamani kuongeza maneno makubwa. Nikayaacha, maana alilolifanya kwa siri halihitaji kupigiwa ngoma.

Alama niliiandika mwishoni, kama ilivyo: F ya mtihani wa muhula, C ya mtihani wa taifa. Sikuahidi kwamba nitakuwa daktari.

Kwa umbo ni barua ya kirafiki, hivyo anwani ni moja tu, yangu, juu upande wa kulia, na tarehe chini yake. Nilianza na "Shikamoo Mwalimu" kwa kuwa ndivyo nilivyomsalimu kila jioni nikiingia uani kwake. Nilimaliza na "Mwanafunzi wako," jina langu, na mwaka niliosoma kwake. Niliandika kwa mkono, ukurasa mmoja na nusu, nikampelekea mwenyewe.

Aliisoma nimesimama mlangoni. Alipofika kwenye mayai ya kware alicheka, akarudi ndani, akatoka na kijana wa kidato cha tatu aliyeshika daftari. "Msomee hapa," akaniambia, "kuanzia ulipojibu gramu 10."