Rifleksheni ya mtu kwa maji: usipindue leya, mpige picha mara mbili

> Wadau, nimepiga picha ya barabara huku Ngara baada ya mvua, kuna kidimbwi kikubwa mbele. Dadake klayanti hakuwepo siku hiyo, atakuja studio wiki ijayo nimpige halafu nimuingize. Ile rifleksheni yake kwa maji, nikipindua tu leya na Flip Vertical, nishushe Opacity hadi 40, si inatosha? Na kuna kioo cha duka pembeni, lazima aonekane huko pia?

Haitoshi. Na shika hapo hapo kabla huyo dada hajakuja ukampiga picha moja ukamwambia asante nenda nyumbani, kwa sababu lazima umpige mbili. Mbili, bosi. Moja ni yake mwenyewe, ya pili ni ya maji. Mimi hiyo sheria nililipia bango zima, kwa hivyo nivumilie nikipiga kelele.

Kazi yenyewe ilikuwa tangazo la miavuli. Nilikuwa na picha ya barabara imejaa maji, nimeipiga na lenzi pana, kamera wima imeinama kidogo, iko mita 1.5 kutoka chini. Modo nikampiga studio, nikamuweka mita 4 kutoka kwa kamera, ameshika mwavuli ambao juu yake unafika kama mita 2, na ameulaza mbele kidogo ndio logo ya klayanti ionekane vizuri. Nikamkata, nikamsimamisha barabarani, nikapindua leya, nikaiweka chini ya miguu, blaa kiasi, maviringo ya maji kiasi, nikajiona fundi kweli kweli. Logo ikatokea hata kwa maji, imepinduka lakini inasomeka. Nikafikiri hiyo ni bonasi nimempatia mzee wa watu.

Bango likaprintiwa. Mzee akasimama mbele yake amekunja mikono, kimya, halafu akaniuliza, "Kijana, huu mwavuli wangu kwani una logo na ndani?"

Hebu fikiria. Mtu anauza miavuli kutoka asubuhi hadi jioni, anajua ukiangalia mwavuli kutoka chini unaona nini: vyuma, kijiti, mkono wa aliyeushika. Na maji yanaangalia kutoka chini! Mimi na kompyuta yangu na uzoefu wangu wote hatukuliona hilo, yeye aliliona kabla hata ya kuvaa miwani. Kurudia kuprinti ikawa juu yangu.

Sasa kwa nini iko hivyo. Kile unachokiona kwa maji ni kile ambacho kamera nyingine ingeona kama ingekuwa imezikwa chini ya barabara, kina sawa na urefu wa kamera yako. Kamera yangu ilikuwa mita 1.5 juu ya maji, kwa hivyo ile ya maji iko mita 1.5 chini. Kutoka juu, mwavuli wa mita 2 ulikuwa umenizidi nusu mita tu kwa umbali wa mita 4, yaani naupandishia macho nyuzi kama 7. Nikiulaza mbele nyuzi 20, naona mgongo wake na logo. Kutoka kule chini, mwavuli uleule uko mita 3.5 juu yako, unaupandishia macho nyuzi 41, na kwa huo mlalo wa nyuzi 20 kinachojaa machoni ni tumbo lake, sio mgongo. Uso vilevile. Kwa picha ya juu unamuona mtu usoni sawa sawa, kwa maji unafaa kuona chini ya kidevu na matundu ya pua. Hakuna Flip Vertical duniani itakuletea chini ya kidevu ambacho hukupiga.

Na hiyo ilikuwa nusu ya aibu, ile nusu nyingine ndiyo wewe uko karibu kuifanya. Maji yangu yalianzia nusu metre mbele ya viatu vya modo, kati yake na maji kulikuwa na lami kavu. Mimi nikachukua nyayo zilizopinduka nikazibandika pale maji yanapoanzia. Kila mtu anafanya hivyo na kila mtu anakosea. Rifleksheni inaanzia kwa viatu vyenyewe, hata kama hapo ni lami kavu, sema tu lami imeificha. Chukulia kuna dada wa pili amening'inia chini ya barabara, nyayo zake zimeshikana na za huyu wa juu, na kidimbwi ni tundu kwenye lami la kumchungulia. Hausogezi mtu ndio atoshee kwa tundu. Unaona kile tundu linakuruhusu kuona, basi.

Na unaweza kupiga hesabu ujue tundu lako linaonyesha wapi:

```
kimo = urefu_wa_kamera x (umbali_wa_mtu / umbali_wa_maji - 1)
```

Kimo ni sehemu ya mwili inayoonekana pale, kutoka usawa wa maji kwenda juu. Umbali wote unapima kutoka kwa kamera, chini kwa chini. Kwangu ukingo wa maji wa mbali ulikuwa mita 3.5, kwa hivyo 1.5 mara (4 ÷ 3.5 − 1), unapata sentimita 21. Maana yake rifleksheni ilifaa kuanzia juu ya kifundo cha mguu, nyayo hazifai kuonekana kabisa. Sasa sema kidimbwi chako ni kidogo, kinaanzia mita 2.5 hadi 3.5, na dada yuko mita 4, kamera mita 1.5 kama yangu. Pale mita 2.5 unapata sentimita 90. Basi hapo maji yanaonyesha kutoka muundi hadi kiunoni na yanaishia hapo! Hakuna uso, hakuna tabasamu, hakuna nywele zilizosukwa kwa pesa nyingi. Utosi wa mtu wa mita 1.6 ungetokea mita 1.94 kutoka kwa kamera, na hapo tayari ni lami. Ukimpachika mzima ndani ya hicho kidimbwi umetengeneza mtu mfupi wa sentimita kama 70 anaishi majini. Na akisimama juu ya ukingo wa barabara wa sentimita 15, kumbuka nyayo za chini zinaachana na za juu sentimita 30, na katikati unafaa kuona ubavu wa huo ukingo.

Sasa yule jamaa wa video aliyenifundisha kupindua. Ana watazamaji kibao, sauti tamu, muziki nyuma, dakika nzima ya kuomba watu wasabskraibu. Video yake inatoka safi kabisa na mimi yangu ni takataka, nikadhani shida ni kompyuta yangu. Nilikuja kuelewa baadaye nikiangalia picha yake ya barabara: alikuwa ameipiga na simu ikiwa karibu iguse maji. Ukiwa chini hivyo kamera ya juu na ya chini zinakaribiana, zinaona karibu kitu kilekile, na kupindua kunakubali. Kamera ikiwa sentimita 5 juu ya maji, pindua ulale. Lakini hakusema! Alisema "inafanya kazi kila mara". Kila mara ya kwake, sio ya mtu amesimama Ngara na tripodi.

Kwa hivyo dada akija, mpige ya kwanza kawaida, urefu wa kamera na umbali ule ule wa barabarani. Ya pili una njia mbili. Ya kwanza, nenda kwa fundi wa vioo ukodishe au ununue kioo kirefu, ukilaze chini mbele ya miguu yake, usiguse kamera, piga. Kioo kikiwa kifupi kisogeze upige vipande uviunganishe, mradi yeye asitikisike. Ya pili, ambayo mimi naipenda kwa sababu vioo vimenivunjikia, ni kumpandisha. Tafuta mahali palipoinuka mita 1.5, kama pale lori hupakulia mzigo, asimame ukingoni kabisa vidole vikigusa mwisho, kamera uiweke chini kwenye sakafu mita 4 kutoka kwake. Hapo kamera iko mita 1.5 chini ya nyayo zake, ndivyo maji yanavyomuona. Taa nazo zipande mita 1.5, ama kivuli cha pua kitaenda upande mwingine. Picha hiyo ndio unapindua juu chini. Usiizungushe nyuzi 180, ukizungusha mkoba wa mkono wa kulia utatokea upande wa pili kwa maji.

Opacity 40 nayo sahau. Maji ukiyatazama wima yanarudisha kama asilimia 2 ya mwanga, ukiyatazama mita 3 mbele na kamera ya mita 1.5 ni kama asilimia 7 au 8, ukiyalaza macho hadi nyuzi 80 kutoka wima inapita theluthi. Kwa hivyo upande wa miguu unakuwa na nguvu, upande wa kichwa unafifia kwa sababu uko karibu na wewe. Na usiweke ile leya kwa blend mode ya Screen juu ya maji yenye mawingu. Mtu anaziba mawingu. Pale alipo, mng'aro wa mbingu lazima utoke kwanza, pawe giza, uone lami na takataka za chini ya maji, ndio uongeze yeye kidogo juu yake. Ukiona mawingu yanapita kifuani mwake umeshajua kosa ni lipi.

Kioo cha duka ni hadithi hiyo hiyo, kamera imehamia tu nyuma ya kioo, ndani ya duka, umbali sawa na uliokuwa nao nje. Akiwa mita 1 mbele ya kioo na wewe mita 3 moja kwa moja, yeye yuko mita 2 kutoka kwako na yule wa kioo yuko mita 4, kwa hivyo awe nusu ya saizi, na fokasi yake ni ya mita 4. Mahali anapoziba barabara inayong'aa, utaona bidhaa za ndani. Hizo huna kwa picha yako, sivyo? Hapo unarudi na mtu ashike kitambaa cheusi pale dada atasimama, upige ya ziada.

Na ukirudi, beba futi ya kupimia. Pima urefu wa tripodi, pima kidimbwi kinaanzia wapi na kuishia wapi kutoka kwa kamera. Usihofu kukosa kidimbwi, cha Ngara utakipata pale pale.